Mistari Mitano ya Mteja Aliyeridhika

"Kazi nzuri sana fundi, ubarikiwe." "Uko vizuri." "Nimependa mno, Mungu akuzidishie." Fundi makabati wa Keko, Dar es Salaam, akifungua simu yake hakosi jumbe kama hizi. Zimetoka kwa watu waliofurahi kweli, na zinampa moyo. Lakini mteja mpya wa Goba anapomuuliza, "Fundi, nitajuaje kama hutaniangusha?" jumbe hizo hazimfai kitu. Hazisemi ni kazi gani iliyofanyika, ilichukua siku ngapi, wala hela ililipwaje. Hazisemi pia kama mlango ulipolegea fundi alirudi au alizima simu. Na mteja wa Goba, ambaye huenda alishatapeliwa na fundi mwingine, anataka kujua hayo hasa.

Anachohitaji fundi huyu ni maandishi mafupi kutoka kwa mteja wa zamani, yenye habari za kweli kuhusu kazi, ambayo mwenyewe ameridhia yaonyeshwe kwa wengine. Wengi huyaita ushuhuda. Neno hilo lina shida yake ndogo: masikioni mwa watu wengi ushuhuda ni jambo la kanisani, la kusimama mbele ya watu na kueleza ulivyookolewa, au la mahakamani. Mama wa watu akiombwa "ushuhuda" anaweza kudhani anatakiwa kusema makubwa. Mitaani limeshika neno jingine, mrejesho, nalo ni jepesi zaidi. Mafundi wengine wala hawatumii neno lolote, husema tu, "Mama, naomba uniandikie mistari mitano kuhusu kazi niliyokufanyia." Maneno hayo yanatosha, na yana faida moja kubwa: yameshataja urefu.

Urefu ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Mteja aliyeridhika akiombwa kuandika, mara nyingi hujibu "sawa, nitakuandikia," na husema hivyo kwa moyo mweupe. Jioni anaishika simu. Aanzie wapi? Aandike ukurasa mzima au sentensi mbili? Asifie mbao au asifie tabia ya fundi? Nani atasoma? Anaiweka simu chini akisema kesho. Wiki ikipita anaona haya kuandika akiwa amechelewa, ikipita ya pili anaanza kumkwepa fundi. Si kwamba hakutaka. Alipewa kazi tatu kwa mpigo: kukumbuka yaliyotokea, kuchagua ya kusema, na kuyapanga. Akipewa maswali machache yaliyopangwa vizuri, kuchagua na kupanga kunaondoka mabegani mwake. Inabaki kukumbuka, na hilo hakuna anayeweza kulifanya isipokuwa yeye.

Wapo mafundi ambao hawafiki hata hapo, kwa sababu hawaombi kabisa. Wamelelewa na methali ya kizuri chajiuza, na kuomba maneno mazuri kunafanana, machoni mwao, na kujitembeza. Wengine wanaogopa kukataliwa. Hofu hiyo imewahi kupimwa. Mwaka 2008 watafiti Francis Flynn na Vanessa Lake walichapisha majaribio waliyoyafanya Marekani, ambamo waliwatuma watu kuwaomba wapita njia wasiowajua wajaze fomu ya maswali, mpaka watimie watano. Kabla ya kutoka, kila mmoja alikisia ataomba watu wangapi ili awapate hao watano. Kwa wastani walikisia kama 20. Walipotoka, walihitaji kuwaomba kama 10 tu. Watafiti hao walieleza kwamba mwombaji hufikiria usumbufu anaomsababishia mwenzake, ilhali anayeombwa hufikiria jinsi ilivyo vigumu kumwambia mtu "hapana" usoni. Ikiwa wasiojuana wanasaidiana hivyo, mama anayefungua makabati ya fundi kila asubuhi akitafuta chumvi ana sababu kubwa zaidi ya kukubali.

Ila maelezo hayo yana upande wa pili, na kwa watu wetu upande huo ni mzito. Ndiyo nyingine ni ya adabu tu. Mtu anaona aibu kukataa, anasema sawa, na maneno hayaji. Au yanakuja yakiwa baridi. Kwa hiyo ombi zuri linarahisisha kukubali, na wakati huohuo linamwachia mtu mlango wa kukataa bila fedheha. Tutaona jinsi mlango huo unavyoachwa.

Kwanza fundi achague wa kumwomba. Si lazima awe mteja mkubwa kuliko wote wala mwenye jina. Afadhali awe anafanana na mteja ambaye fundi anamtafuta sasa. Kuna jaribio jingine la mwaka huohuo wa 2008, la Noah Goldstein, Robert Cialdini na Vladas Griskevicius, lililofanyika hotelini. Vyumbani waliweka kadi za kuwaomba wageni watumie tena mataulo yao badala ya kuyatupa yafuliwe kila siku. Kadi iliyoomba kwa ajili ya mazingira ilisikilizwa na wageni kama 37 katika kila 100. Kadi iliyosema kwamba wageni wengi waliolala katika chumba hikihiki walitumia tena mataulo yao iliwapata kama 49. Mgeni hakuwajua waliolala pale kabla yake, lakini walikuwa wamesimama mahali alipo yeye. Fundi anayetaka kazi za wenye nyumba za kupangisha aombe maneno ya mwenye nyumba za kupangisha. Anayetaka jiko la nyumba ya familia aombe maneno ya mama anayepika kila siku. Maneno ya meneja wa benki kuhusu kaunta ya ofisini, hata yakiwa matamu, hayamjibu mama huyo.

Halafu wakati. Wengi huomba siku ya kukabidhi kazi, mteja akiwa bado anatabasamu. Kwa makabati, siku hiyo ni mapema mno. Kabati jipya halijajaribiwa: bawaba hazijachezeshwa, droo hazijabeba sufuria, na chini ya sinki maji hayajapenya. Ubao wa MDF ukiingiwa na maji pembeni huvimba, na hilo halionekani siku ya kwanza. Maneno ya siku ya kwanza yanaweza kusifia rangi tu. Baada ya wiki tatu au nne mteja ana la kusema, na kama kuna kasoro imeshajitokeza, fundi amepata nafasi ya kuirekebisha. Kila kazi ina saa yake. Mpishi wa harusi aombe siku mbili tatu baada ya sherehe, kabla watu hawajasahau ladha. Fundi wa umeme wa jua asubiri mteja apite mwezi mmoja wa matumizi. Mwalimu wa masomo ya ziada asubiri matokeo. Na kwa yeyote yule, asiombe wakati bado wanadaiana: ombi likija pamoja na deni, mteja hajui kama anaombwa fadhila au anasukumwa.

Sasa tuseme fundi wetu alitengeneza makabati ya jiko la mama mmoja wa Kigamboni, mstaafu. Kazi ilimalizika mwezi mmoja uliopita. Wiki ya tatu mlango mmoja wa chini ya sinki ulilegea, mama akapiga simu, na fundi akavuka kwenda kuukaza. Ijumaa jioni anaandika ujumbe huu:

"Shikamoo mama. Habari za Kigamboni? Ule mlango wa chini ya sinki nilioukaza Jumamosi, unafunga sawasawa? Mama, nina ombi dogo. Wateja wapya huwa wananiuliza kama kuna mtu nimewahi kumfanyia kazi akaridhika. Ningeshukuru ukiniandikia mistari minne au mitano kuhusu jiko lako. Ili nisikusumbue, jibu haya matatu tu, kwa maneno yako mwenyewe:

1. Kabla hujanipa kazi, ulikuwa na wasiwasi gani?

2. Kazi ilikwendaje, na sasa jikoni kuna nini kilichobadilika kwako?

3. Jirani akikuuliza kuhusu fundi makabati, utamwambia nini?

Kama kuandika ni tabu, nirekodie sauti tu, nitaandika mimi halafu nikurudishie uisome. Sitamwonyesha mtu mpaka uniambie sawa. Na usipopenda hakuna neno kabisa, mama. Nikiipata kabla ya Jumapili ijayo nitafurahi."

Ujumbe mzima unasomeka kwa dakika moja, lakini kila kipande kina kazi yake. Swali la mlango limewekwa mwanzo kwa makusudi. Mama akijibu kwamba bado unasuasua, fundi aliache ombi lake kando, aende kwanza akaukaze. Kumwomba sifa mtu mwenye kero ni kumchokoza. Baada ya hapo fundi anaeleza sababu ya kuomba, kwa sentensi moja, ili mama ajue ni nani atakayesoma. Kisha urefu, kisha maswali, kisha njia ya sauti, kisha ahadi ya kutoonyesha bila ruhusa, kisha mlango wa kukataa. Siku ya mwisho imetajwa kwa upole, kwa sababu ombi lisilo na siku husubiri milele.

Swali la kwanza ndilo linalowatia mafundi hofu. Kwa nini umkumbushe mteja wasiwasi wake? Sean D'Souza, mwandishi wa masuala ya biashara anayeishi New Zealand, amelifanya swali la aina hiyo kuwa la kwanza katika maswali sita anayofundisha: ni kizuizi gani kilichokaribia kukuzuia usinunue? Maelezo yake yanaingia akilini. Msomaji wa maneno hayo naye ana wasiwasi, na wasiwasi wake mara nyingi ni uleule. Akisoma sifa tupu anakunja uso. Akisoma kwamba mtu mwingine aliogopa hilohilo analoliogopa yeye, kisha akaeleza kilichotokea, anaendelea kusoma. Kwa upande wa mafundi wa Dar es Salaam wasiwasi huo unajulikana mpaka kwa watoto: fundi kuchukua hela ya kuanzia na kutoweka, au kuahidi wiki mbili zikawa miezi miwili.

Maswali sita, hata hivyo, ni mengi kwa ujumbe wa simu. Matatu yanatosha, na matano ni kikomo. Yakizidi hapo yanageuka dodoso, na mama anarudi kulekule kwa kusema kesho. Jambo jingine la kuchunga ni namna swali linavyoulizwa. "Ulipenda uaminifu wangu kiasi gani?" si swali, ni jibu lililovaa alama ya kuuliza. Mteja atalirudisha kama alivyopewa, na wateja kumi wakirudisha neno lilelile, msomaji atagundua kwamba aliyeandika ni mmoja.

Mama wa Kigamboni hakuandika. Alituma sauti ya dakika mbili na nusu, ndani yake mna jogoo anawika, mjukuu anaomba maji, na hadithi ndefu ya fundi wa kwanza. Hii ni hazina, maana mtu anaposema hutoa mambo ambayo akiandika huyaacha. Fundi akasikiliza mara mbili, akaandika hivi:

"Fundi wa kwanza nilimpa hela ya kuanzia akapotea, kwa hiyo huyu nilimwogopa. Akakubali nilipe kwa awamu tatu: nusu ya vifaa, robo makabati yalipofika nyumbani, na robo yalipokwisha kufungwa. Alisema siku 14, akamaliza siku ya 16, ila alinipigia mapema kunieleza kwamba ubao umechelewa. Baada ya wiki tatu mlango mmoja ulilegea, akaja kuukaza bila kunidai nauli. Sasa sufuria zote zina pahala pake na siinami tena kutafuta kitu sakafuni."

Ukiyaweka maneno haya kando ya "Kazi nzuri sana fundi, ubarikiwe," tofauti haihitaji kuelezwa na mtaalamu. Kuna fedha, kuna siku, kuna kasoro mbili. Mafundi wengi wangetamani kuzifuta kasoro hizo, nao wangekosea. Kuchelewa kwa siku mbili pamoja na simu ya mapema kunamjibu mteja wa Goba swali lake: huyu akikwama, hasemi uongo. Fundi akifuta kuchelewa, lazima aifute na simu, na maneno yanabaki mepesi kama yale ya mwanzo.

Katika kuandika alichosikia, fundi ana ruhusa ya kufupisha, kuacha jogoo na mjukuu, na kusahihisha tahajia. Hana ruhusa ya kuongeza. Kama mama alisema "si ghali sana," isiandikwe "bei nafuu." Kama alisema "nadhani nitamwita tena," lile nadhani libaki.

Kazi ikiwa ya shule, hoteli au shirika, mambo hubadilika kidogo. Hapo kinachotafutwa huwa ni barua yenye nembo ya taasisi, sahihi na muhuri, kwa sababu itaambatanishwa kwenye zabuni. Aliyesimamia kazi na anayesaini kwa kawaida ni watu wawili tofauti. Ombi liende kwa msimamizi, maana ndiye anayeijua kazi, naye ndiye atakayelipeleka kwa mkuu. Badala ya maswali pekee, fundi aambatanishe nusu ukurasa wa mambo yasiyobishaniwa: jina la kazi kama lilivyo kwenye mkataba, mahali, tarehe ya kuanza na ya kukabidhi, idadi ya vitu vilivyotengenezwa, na thamani ya mkataba kama taasisi inakubali itajwe. Hayo yanamwokoa msimamizi asipekue mafaili. Chini yake yafuate maswali mawili tu: muda ulizingatiwa vipi, na kasoro zilipotokea zilishughulikiwaje.

Ni kwenye ofisi hizi ambako jibu moja husikika sana: "Andika wewe mwenyewe, niletee nisaini." Linasemwa kwa nia njema, na linavutia. Tatizo ni kwamba barua ya namna hiyo inakuwa ya aliyejisifu mwenyewe, na siku kamati ya zabuni ikimpigia simu aliyesaini, hakumbuki hata sentensi moja. Kuna njia ya katikati isiyomkera mtu. Fundi aandike aya ya mambo ya hakika, tarehe na idadi, kisha aya ya maoni aiache wazi akisema, "Hapa, bosi, naomba sentensi mbili zako kuhusu ulivyoiona kazi." Akishindwa kuandika, asimulie kwa simu na fundi aandike alichosikia, kisha akirudishe kisomwe.

Vipi kuhusu kumpa mteja punguzo ili aandike? Zawadi ya asante baada ya maneno kutoka ni jambo la kibinadamu. Kuahidi punguzo kwa sharti kwamba maneno yawe mazuri ni kununua. Kwa Waswahili wanaofanya biashara Marekani hili si suala la dhamiri peke yake: kanuni ya Tume ya Biashara ya nchi hiyo, iliyoanza kutumika tarehe 21 Oktoba 2024, inakataza ushuhuda wa uongo na malipo yanayotolewa kwa sharti la kusifiwa. Taaluma nyingine zina mipaka yake. Wakili au daktari asome kwanza kanuni za kujitangaza za taaluma yake kabla hajamwomba mteja au mgonjwa chochote.

Ruhusa nayo isichukuliwe juujuu. Mtu akikubali maneno yake yasomwe, hajakubali jina lake kamili, namba ya simu au picha ya jiko lake vionekane. Kila kimoja kiombwe peke yake, na kwa maandishi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Kwa makabati ya Kigamboni, "Mama mstaafu, Kigamboni" pamoja na mwezi wa kazi vinatosha. Mteja wa Goba akitaka kuzungumza naye, fundi amuulize mama kwanza.

Na kama jibu haliji? Fundi akumbushe mara moja, baada ya siku kama saba, kwa ujumbe mfupi: "Mama, ile ya jiko usijisumbue kama umebanwa, hata sentensi mbili zinatosha." Kimya kikiendelea, hilo ni jibu, na uhusiano wao una thamani kuliko mistari mitano. Huenda pia likaja jibu ambalo si sifa, bali ni lalamiko ambalo mteja alikuwa amelimeza. Hapo fundi amegundua kitu ambacho asingekijua kwa njia nyingine, na kazi yake ya kesho asubuhi imeshapangwa.

Mama wa Kigamboni aliyasoma maneno aliyorudishiwa siku ya Jumamosi, baada ya kuwalisha kuku. Akajibu kwa sauti tena, safari hii kwa sekunde ishirini. "Umeandika vizuri mwanangu, ila si siku ya 16. Nimeangalia kalenda, ulimaliza siku ya 17, ile siku ya mvua. Na pale kwa fundi wa kwanza, usiseme alipotea. Sema hajarudi." Fundi akaandika 17, akaandika hajarudi, akamtumia asome tena. Saa tatu usiku mama akajibu kwa neno moja: "Sawa."